Kopo la Mvua na Msomaji wa Kuluba

Kavira alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Aliishi na mama yake, Martine, katika chumba cha kupanga karibu na soko la Koboko. Kila asubuhi mama alijitwisha kapu la samaki wakavu akaenda sokoni. Kavira alifagia uwanja, akachota maji, akaenda shule. Jioni alirudi, akawasha moto, akasonga ugali wa muhogo, akamngoja mama.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo.

Walikuwa wametoka Beni, upande wa Zaire. Baba yake, Basile, alikuwa mfanyabiashara. Ndiye aliyewaleta Koboko na kuwapangia chumba. Kisha akarudi kufuata mizigo yake, akasema hatakawia. Mvua za mwaka ule zikaisha. Kiangazi kikaja. Baba hakuonekana. Mwanzoni Kavira aliuliza habari zake. Kila alipouliza, mama alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari. Basi Kavira akaacha kuuliza.

Shuleni mwalimu alifundisha kwa Kiingereza. Wakati wa mapumziko watoto walizungumza Kikakwa, lugha ya wenyeji. Kiswahili walikijua, lakini kwao kilikuwa lugha ya sokoni na ya askari, si lugha ya mchezo. Walipocheka, Kavira hakujua wanachekea nini. Siku moja alicheka pamoja nao. Wote wakanyamaza, wakamtazama. Tangu siku ile alizoea kukaa peke yake kwenye ngazi za darasa, akiangalia mawingu.

Mwishoni mwa Februari, mwaka wa 1974, gari refu la rangi ya kijani liliingia katika uwanja wa shule. Lilikuwa na mlango nyuma na ngazi ya chuma. Mwalimu mkuu aliwakusanya wanafunzi.

"Hili ni gari la maktaba," alisema. "Limetoka Arua. Litakuja kila baada ya wiki mbili. Mkubwa anaweza kuazima kitabu. Mtoto pia anaweza."

Wanafunzi walipanga mstari. Kavira alikuwa wa mwisho. Alipopanda ngazi, alisimama akashangaa. Kuta zote mbili za gari zilikuwa rafu za vitabu, kutoka chini hadi juu. Rafu zile zililala nyuma kidogo.

"Unashangaa kwa nini zimelala?" aliuliza mwanamume aliyekaa nyuma ya meza ndogo. Alivaa shati jeupe na miwani. "Barabara ya Arua unaijua. Rafu zikisimama wima, vitabu vyote vitaanguka kabla hatujavuka mto wa kwanza. Mimi naitwa Andama. Yule dereva ni Obeti. Wewe nani?"

"Kavira."

"Unapenda kusoma kitabu gani, Kavira?"

Kavira alizitazama rafu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

Bwana Andama akasimama, akamwonyesha. "Upande huu ni hadithi. Upande huu ni vitabu vya maarifa: wanyama, mashamba, afya, nchi za watu. Namba hii ya mgongoni inaonyesha mahali pa kitabu. Vitabu vya jambo moja vinakaa pamoja. Vya Kiswahili ni vichache, viko rafu hii ya chini. Ukitaka kujua kama kitabu kinakufaa, fungua ukurasa mmoja, usome. Kila neno usilolijua, kunja kidole. Ukikunja vidole vyote vya mkono mmoja, kitabu hicho ni kigumu kwa leo. Kirudishe, chukua kingine."

Kavira alichuchumaa mbele ya rafu ya chini. Alifungua kitabu cha hadithi chenye picha ya simba. Alikunja kidole kimoja tu. Kilikuwa kizuri. Pembeni yake kulikuwa na kitabu chembamba, jalada lake la kijivu. Alikifungua kwa sababu ya picha ya mawingu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: *Je, mvua ya mwisho iliyonyesha kwenu ilikuwa kiasi gani?*

Kavira aliusoma mstari ule mara mbili. Alikumbuka mvua ya mwisho, lakini kiasi chake hakukijua. Alitaka sana kujibu.

"Nataka hiki," alisema.

"Una tiketi?"

"Sina."

Bwana Andama alimpa karatasi. "Mzazi ataweka sahihi hapa. Hapa chini ni mdhamini. Ni mtu mzima anayejulikana hapa mjini. Anasema: mimi namjua mtoto huyu, kitabu kikipotea nitasaidia kukitafuta. Ukirudi na karatasi hii, nitakupa tiketi. Kuazima ni bure."

"Na kitabu?"

"Kitabu kitakungoja."

Gari liliondoka. Kavira alibaki uwanjani mpaka vumbi likatulia.

Jioni ile alimpa mama karatasi. Mama hakujua kusoma. Aliishika mbali na mwili wake, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Karatasi ya serikali," alisema mama. "Wanataka jina langu la nini?"

"Ni ya vitabu, mama."

"Leo ya vitabu. Kesho watu wanakuja hapa kuuliza: mama huyu ametoka wapi? Bwana yake iko wapi? Sisi ni wageni, Kavira. Mgeni haachi jina lake kila mahali."

"Bwana Andama amesema anatakiwa na mdhamini. Mtu anayetujua."

"Nani anatujua hapa?"

Sufuria ikachemka, ikamwagikia moto, wala hakuna aliyeinuka.

Wiki mbili zikapita. Gari likaja tena. Kavira alipanda ngazi mikono mitupu. Bwana Andama hakumfukuza. "Huna tiketi, lakini kusoma humu ndani hakuhitaji tiketi," alisema. Kavira alikaa sakafuni, akasoma kitabu cha kijivu. Alisoma kurasa tano tu, Obeti akapiga honi. Wakati wa kufunga ulikuwa umefika.

Siku ile alirudi nyumbani akilia. Jirani yao, Mzee Tombe, alikuwa akiranda ubao nje ya nyumba yake. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Tangu walipohamia walikuwa wakisalimiana tu.

"Nani amekupiga?" aliuliza Mzee Tombe.

"Hakuna."

"Mtoto halii bure."

Kavira akamweleza. Alimweleza habari ya gari, tiketi na mdhamini. Mzee Tombe aliweka randa chini, akajipangusa vumbi la mbao, akaenda moja kwa moja kwa Martine.

"Mama Kavira, hiyo karatasi iko wapi?"

"Ya nini, mzee?"

"Niweke sahihi. Mimi namjua mtoto huyu. Kila asubuhi namwona anafagia mpaka mlango wangu, na hakuna mtu amemtuma."

Martine alitazama chini. "Mzee, naogopa karatasi."

"Karatasi mbaya iko, nakubali," alisema Mzee Tombe. "Dawa yake ni kuisoma kabla ya kuweka jina. Usiweke jina kwa kitu hujui. Kavira, soma hapa. Soma yote, polepole. Mama yako asikie."

Kavira alisoma kila neno. Karatasi haikuuliza wametoka wapi. Haikuuliza habari za baba. Iliuliza jina la mtoto, mahali anapokaa, na jina la mzazi. Ilisema msomaji atatunza kitabu na kukirudisha kwa tarehe.

"Ndiyo yote?" aliuliza mama.

"Ndiyo yote."

Mama alipaka kidole gumba masizi ya sufuria, akakigandamiza kwenye karatasi. Mzee Tombe aliandika jina lake chini, herufi moja moja, kwa kalamu yake ya kutia alama mbao.

Gari lilipokuja, Kavira alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Bwana Andama aliipokea karatasi akatabasamu. Aliandika jina lake kwenye tiketi, mfuko mdogo wa karatasi ngumu.

"Sasa angalia namna tunavyofanya," alisema. "Kila kitabu kina kadi yake, iko hapa nyuma ya jalada. Natoa kadi, naiingiza ndani ya tiketi yako. Vyote viwili vinakaa kwangu, kwenye sanduku hili. Kwa hiyo najua kitabu hiki kiko kwa Kavira. Hapa napiga muhuri wa tarehe. Ndiyo siku ya kurudisha. Ukirudisha, kadi inarudi kitabuni, na tiketi inarudi kwako."

"Na nikichelewa?"

"Ukichelewa, mwingine anakosa. Wasomaji wa gari hili ni kama watu wa kisima kimoja. Osha mikono kabla ya kusoma. Usikunje ukurasa, tumia kipande cha karatasi kuweka alama. Usiandike ndani. Kikilowa au kikichanika, usikibandike mwenyewe wala usikifiche. Niletee, uniambie. Tunatengeneza."

Kavira alikifunga kitabu ndani ya kanga ya mama, akakimbia nyumbani.

Alikisoma chote. Kisha akakirudia. Kitabu kilieleza mvua inatoka wapi, na majina ya mawingu. Kilieleza pia namna ya kupima mvua. Chukua kopo ambalo mdomo wake na kitako chake vina upana mmoja, pande zake zimesimama wima. Lifukie chini kidogo, mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Mdomo wake ubaki juu ya ardhi, tope lisirukie ndani. Kila asubuhi, saa ile ile, simamisha rula ndani ya kopo. Maji yanapofikia ndiyo mvua ya jana. Andika. Kisha mwaga maji, rudisha kopo.

Kavira alitafuta kopo la maziwa. Mzee Tombe alimpa kipande cha rula kilichokatika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja alikuta maji kidogo kwenye kopo. Alipima: milimita nne. Alikuwa peke yake uwanjani. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Alisema kwa sauti, "Milimita nne," kisha akainua kichwa, kama anayengoja jibu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya kisanduku cheupe chenye miguu mirefu. Chini paliandikwa kwamba kazi yake ni kupima mvua, upepo na joto kila siku, na kupeleka habari kwa wakulima na marubani. Kavira aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakujua kama hiyo ni kazi. Alizoea kutazama mawingu kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtazama. Kumbe kuna mahali watu wanayatazama kwa sababu wengine wanahitaji kujua!

Siku ya gari ilifika. Kavira alimwuliza Bwana Andama: "Kazi hii ni ya kweli? Au ni ya hadithi?"

"Ni ya kweli kabisa. Arua kuna kituo cha hali ya hewa. Nakaa Mvara, pale pale Arua, na kisanduku cheupe kama hiki nimekiona kwa macho yangu."

"Mwanamke anaweza kufanya kazi hiyo?"

"Anayejua hesabu na sayansi, na anayeamka mapema, anaweza. Kopo halimuulizi mtu kama ni mwanamke."

Kavira alikikumbatia kitabu. "Basi niongezee siku. Bado nakihitaji."

Bwana Andama alifungua sanduku lake la tiketi. Juu ya kadi ya kitabu kile palikuwa na kipande cha karatasi nyekundu. Akatikisa kichwa.

"Siwezi. Kuna msomaji amekiagiza. Kitabu kikiwa na agizo, hakiongezwi siku. Leo kinakwenda Kuluba, kituo chetu kinachofuata."

Kavira alihisi machozi yakipanda. "Nani?"

"Jina la msomaji sisemi. Wewe nawe likiulizwa jina lako, sitasema. Lakini na wewe unaweza kukiagiza. Nitaweka karatasi kama hii. Akirudisha, kitakuja kwako."

Kavira alikiweka kitabu mezani. Ilikuwa kama kumwachia mgeni mtoto wake. Lakini wazo moja likamjia. Huko Kuluba kulikuwa na mtu mwingine aliyetaka kujua habari za mvua. Hakuwa peke yake duniani.

"Naweza kumwandikia?" aliuliza.

"Ndani ya kitabu, hapana. Kwenye karatasi yako, iliyolegea, ndiyo. Nitaisoma kwanza, maana mimi ndiye ninayeichukua."

Kavira alikata karatasi ya daftari, akaandika:

*Msomaji wa Kuluba, mimi ni msomaji wa Koboko. Nimepima mvua kwa kopo. Siku moja milimita nne. Siku nyingine mbili. Kitabu kinasema mvua ndogo inalowesha juu tu. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe, uone unyevu umefika wapi. Wewe umepima ngapi?*

Akakosa kitabu mwezi mzima. Gari lilipokuja mara ya kwanza, kitabu kilikuwa bado Kuluba. Kavira aliazima kitabu cha hadithi ya simba. Kilikuwa kizuri, lakini kila asubuhi aliendelea kupima. Nyumbani kulikuwa kimya vile vile. Mama alirudi amechoka, akala, akalala. Watoto wa jirani waliona kopo lake ardhini, wakalipiga teke. Alilichimbia tena.

Gari liliporudi mara ya pili, Bwana Andama alimpa kitabu cha kijivu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama huku na huku:

*MUSOMAJI WA KOBOKO. ASANTE. MIMI NIMEWEKA KOPO. MVUA YA KULUBA MINGI KULIKO YA KOBOKO. KUMI NA MOYA. MUKURASA WA TISA NI NGUMU. NENO "MVUKE" NI NINI.*

Kavira alicheka peke yake pale kwenye ngazi za gari. Huyu ni mtoto mdogo, aliwaza. Labda yuko darasa la pili. Usiku huo hakupata usingizi mapema. Alikuwa anafikiria namna ya kumweleza mvuke. Asubuhi, maji ya chai yalipochemka, aliuona ukipanda kutoka kwenye birika. Akaandika: *Mvuke ni maji yaliyopata moto yakawa kama moshi. Tazama birika. Shika kifuniko baridi juu yake. Matone utakayoyaona ni mvua ndogo.*

Basi kitabu kikawa kinakwenda na kurudi. Kila mmoja alikiagiza tena siku ile aliyokirudisha. Karatasi zilikwenda ndani yake. Wakati mwingine Koboko mvua ilinyesha na Kuluba jua likawaka. Kavira alistaajabu. Alidhani mbingu ni moja.

Alianza kumwona rafiki yake wa Kuluba akilini. Alimpa uso, mguu wenye kovu, na kaptula ya bluu. Njiani alizungumza naye kimoyomoyo. Alimwambia habari za baba, ambazo hakumwambia mtu yeyote.

Siku moja mwishoni mwa Julai gari lilichelewa. Lilifika mchana, limejaa tope. Obeti alishuka, akatazama kipimo cha mafuta, akashusha pumzi.

"Petroli ya leo ni ya kufika hapa na kurudi Arua tu," alimwambia mwalimu mkuu. "Kuluba hatufiki."

Kavira alisikia. Kitabu kilikuwa Kuluba. Alikiweka mezani kile cha simba, alichokuwa amekiazima tena, akakaa kwenye ngazi za darasa kama zamani. Aliona safari zijazo: petroli hakuna, gari halipo, karatasi haziji. Anga lilikuwa limefunga. Wanafunzi wengine waliazima vitabu, wakaondoka. Bwana Andama akaanza kuteremsha ubao unaozuia vitabu wakati wa safari.

Ndipo mwanamume mmoja alipoingia uwanjani kwa miguu. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kichwani. Viatu alivishika mkononi, na suruali ilikuwa imekunjwa mpaka magotini. Chini ya koti alibeba kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba na kitambaa.

"Bwana Andama!" aliita. "Nimeona gari inachelewa kufika Kuluba, nikaifuata. Tarehe ya kitabu ni leo."

"Mzee Adrabo! Umetembea kutoka Kuluba?"

"Tarehe ni leo," mzee alirudia, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Alifungua kitambaa, akaondoa jani. Kitabu cha kijivu kilikuwa kikavu kabisa.

Kavira alisimama.

"Na mimi nilitaka kuona mwalimu," alisema Mzee Adrabo. "Yule wa Koboko ananiandikia. Mwalimu wa mvua. Anakaa wapi? Nimemletea karanga."

Bwana Andama alivua miwani, akaifuta. Alimtazama Kavira, akamwuliza kwa macho. Kavira akaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu wako ni huyu," alisema Bwana Andama.

Mzee Adrabo aligeuka. Alimtazama msichana mwembamba, miguu mitupu, sare imefifia. Kavira naye alimtazama. Mtoto mwenye kaptula ya bluu alitoweka akilini mwake, na moyo wake ukauma. Huyu alikuwa mkubwa kuliko baba yake.

"Wewe ndiye musomaji wa Koboko?"

"Ndiyo, mzee. Nilifikiri wewe ni mtoto wa darasa la pili."

Obeti aliangua kicheko, kisha akajizuia. Mzee Adrabo hakukasirika.

"Si uongo," alisema. "Mimi iko darasa la pili. Tunasoma jioni kanisani, sisi wazee. Kwanza niliona aibu. Mtoto wangu wa mwisho anasoma haraka, ananicheka. Nikawa nasoma peke yangu nyuma ya ghala. Neno likinishinda, hakuna mutu wa kuuliza. Mpaka ile karatasi yako."

Alitoa mfuko wa karanga mbichi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwezi wa nne majirani wote walipanda kwa mvua ya kwanza. Mimi nilichimba kama ulivyoandika. Chini ilikuwa kavu. Nikangoja. Karanga zao zilitoka, jua likazichoma. Mbegu imepotea. Mimi nilipanda baadaye, kopo lilipojaa siku kwa siku. Hizi ni za kwanza."

Kavira aliupokea mfuko.

"Kitabu ndicho kilisema, mzee. Si mimi."

"Kitabu kilisema kwa watu wote," alijibu Mzee Adrabo. "Wewe uliniambia mimi."

Wakati huo Martine alifika kutoka sokoni, kapu kichwani. Alikuwa amesikia kwamba kuna mgeni amesimama na mwanawe shuleni, akaja mbio kwa hofu. Mzee Tombe alikuwa nyuma yake, randa bado mkononi. Mzee Adrabo aliwasalimu wote, akawaeleza tena habari ya karanga tangu mwanzo. Martine alisikiliza. Aliiona mikono ya mwanawe ikishika mfuko, akaona watu wamesimama kumsikiliza mtoto ambaye nyumbani hakusema neno.

"Kavira," alisema kwa sauti ndogo, "mbona hukuniambia habari ya mvua?"

"Ulikuwa umechoka, mama."

Martine alilitua kapu. Akakaa kwenye ngazi ya gari. "Leo sijachoka. Niambie."

Kavira alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho. Alimwonyesha mama kisanduku cheupe na mwanamke aliyesimama mbele yake. Alimsomea maneno ya chini. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa hajalitoa mdomoni:

"Mimi nataka kufanya kazi hii. Pale Arua, au popote wanapopima."

Alingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka.

"Hesabu yako namna gani?" aliuliza Mzee Tombe.

"Si nzuri sana."

"Kupima mbao ni hesabu. Njoo kwangu Jumamosi."

"Na mimi naandika maombi makao makuu," alisema Bwana Andama. "Kitabu cha pili cha hali ya hewa kiko, ni kigumu zaidi. Msomaji akihitaji kitabu ambacho hakimo garini, anakiomba, tunakitafuta. Kinaweza kuchukua muda."

"Na petroli?" aliuliza Kavira.

Bwana Andama hakumdanganya. "Petroli sijui. Tutakuja tukiweza. Tusipoweza, mwalimu mkuu ataweka sanduku la vitabu shuleni, tutakubaliana naye leo. Na wewe endelea kupima. Kopo halinywi petroli."

Mama aliugusa ukurasa kwa ncha ya kidole. Kwanza alikipangusa kidole kwenye nguo yake. "Neno hili ni lipi?" aliuliza.

"Hilo ni *mvua*, mama."

"Mvua," alisema Martine. Alilifuata neno kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Fupi hivi?"

"Fupi hivyo."

Bwana Andama alitoa kadi ya kitabu, akaiingiza kwenye tiketi ya Kavira, akapiga muhuri. Matone makubwa yakaanza kuanguka. Obeti alifunga mlango wa nyuma. Gari likatoka polepole, likielekea barabara ya Arua.

Mzee Adrabo hakuweza kurudi Kuluba katika mvua ile, hivyo Mzee Tombe alimkaribisha alale kwake. Walikimbia wote kuelekea nyumbani, Kavira akiwa katikati, kitabu kimefungwa ndani ya kanga ya mama. Mlangoni, Mzee Adrabo alisimama chini ya paa, akatazama maji yakianguka uwanjani.

"Unasema ngapi?" aliuliza.

Kavira alilitazama wingu, jinsi lilivyokuwa zito na jeusi, na namna upepo ulivyoanza kupoa.

"Ishirini," alisema. "Labda ishirini na mbili."

"Mimi nasema kumi na tano. Asubuhi tutaona."

Mama aliwasha moto. Aliongeza maji kwenye sufuria, na unga zaidi kuliko siku zote.